Kijiko Chenye Mia Moja

Ilianza Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri. Nilikuwa ndio kwanza nimevua viatu vya shule, bibi akaniambia nivivae tena, twende kwa sonara.

"Macho yangu hayasomi vitu vidogo," alisema. "Na wewe huongeiongei. Ndiyo maana nakuchukua."

Nilijua safari yenyewe. Shangazi, binti yake wa mwisho, alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na bibi alikuwa ameshamwahidi bangili ya fedha halisi itokanayo na kijiko cha mama yake. Huyo mama yake alikuwa mpishi wa Wajerumani kwenye shamba moja juu ya Lushoto. Walipoondoka walimwachia vijiko viwili. Kikubwa bibi alikitunza sandukuni, akakisugua kwa majivu kila Krismasi hadi kikang'aa kama kioo. Kidogo kilikaa jikoni ndani ya kopo la majani ya chai, kimeshika weusi wa moshi. Siku hiyo alikibeba kama nyongeza tu.

Duka la sonara liko nyuma ya soko, jembamba, limebanana na duka la mbegu. Sonara alimwamkia bibi shikamoo, akakunjua kitambaa chenye vijiko, akanipa kile kikubwa na lenzi yake.

"Haya, mwanafunzi, soma mgongoni mwa mpini."

Niliona herufi zilizochakaa, kisha namba. "Mia moja," nilinong'ona.

"Sema kwa sauti!" bibi alisema. "Mia kwa mia! Fedha tupu!"

Mimi pia niliamini hivyo. Shuleni ukipata mia umemaliza, hakuna zaidi.

Sonara hakucheka. Alivua pete yake, akanionyesha ndani: 925. "Mama, fedha tunaihesabu kwa elfu. Hii yangu, sehemu mia tisa ishirini na tano ni fedha, zilizobaki ni shaba ya kuikaza. Waingereza wa zamani hawakuandika hata namba, waligonga simba anayetembea. Chini ya hapo utakuta 900, 835, 800. Mia moja haimo kabisa."

"Sasa hiyo mia ni ya nini?"

"Ni gramu za fedha walizotumia kupaka seti nzima ya vijiko na uma. Ndani ni madini mengine." Alikigeuza. Pale tumbo la kijiko linapogusa meza palikuwa na umanjano. "Majivu yako yameshaanza kuimaliza."

Bibi akamwambia apime. Sonara alikwaruza kwa tupa mahali pasipoonekana, akadondosha tone la tindikali. Likatoa povu la kijani.

Bibi alikaa kwenye kigoda. Akasema maneno kwa Kishambaa, polepole, kama anamsemesha mtu aliyekufa. Kisha kwa Kiswahili: "Kwa hiyo walimdanganya mama yangu. Na mimi nimemdanganya binti yangu."

"Hawakudanganya, mama. Namba imeandikwa wazi, ila sisi tuliisoma kivyetu."

Sikujua niangalie wapi. Nikachukua kile kijiko kidogo cha chai, nikawa nakisugua kwa kidole gumba na pindo la sketi, basi tu mikono ipate kazi. Weusi ukatoka kidogo. Nikaweka lenzi. Kusema mbele ya watu huwa kunanishinda, lakini nilisema.

"Fundi... hapa kuna mwezi mwembamba. Na taji. Na mia nane."

Sonara alikinyakua. "Lete! Mwezi na taji ni Ujerumani. Na 800 hii ni fedha kweli, mama. Robo tatu na zaidi." Akapima na hicho: tone halikugeuka kijani. "Weusi huu ni fedha inavyokula moshi. Shaba ikizidi ndani, inachafuka upesi zaidi."

"Hicho cha majani ya chai?" bibi alisema. "Nilikuwa nataka kukitupa!" Akaanza kucheka, huku machozi yanamtoka, sonara akajifanya anatafuta kitambaa.

Lakini kilikuwa kidogo mno kwa bangili nzito aliyoiota. Sonara akasema akikiyeyusha na kuongeza fedha safi, itapatikana bangili, ila alama itapotea motoni. Au akate mpini, aukunje uwe pete, na mwezi na taji vibaki kwa ndani. Bibi akasema hawezi kuamua peke yake.

Jioni, mbele ya sufuria ya makande, alimweleza shangazi yote, hata la kijiko kikubwa. Nilidhani shangazi atanuna.

"Mama," alisema, "bangili kila mtu ataiona. Pete yenye alama ya bibi yangu nitaijua mimi."

Bibi alimtazama, akaitikia kwa kichwa, akapakua.

Asubuhi, kabla ya kengele ya shule, nilikipeleka kijiko kidogo kwa sonara. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika: "Shikamoo, fundi. Usiyeyushe. Kunja."