Kura ya Integresheni

Wiki ile wadudu wa ziwani walikuwa wametoka. Asubuhi ungewaona kwa mbali juu ya maji kama moshi wa mtu anayechoma majani, na mchana upepo ukawaleta ndani ya ukumbi tuliokuwa tukisahihishia mitihani. Walikuwa wadogo, laini, hawaumi. Ila walianguka kwenye chai, kwenye nywele, kwenye karatasi za wanafunzi, na ukimgusa mmoja kwa kidole anabaki doa la kijani juu ya jibu la mtoto wa watu. Ilikuwa shule iliyo karibu na ufukwe, Ilemela, na madirisha ya ukumbi hayakuwa na vioo.

Tulikuwa walimu wa Hisabati ya juu kutoka shule mbalimbali, tumeitwa kusahihisha mtihani wa majaribio wa kidato cha sita. Kila mmoja alipewa swali lake alisahihishe kwa shule zote. Mimi nilipewa la integresheni. Nilifurahi, maana ni mada ninayoipenda kuifundisha. Swali lilisema: tenganisha sehemu hii katika sehemu ndogo ndogo, kisha tafuta integrali yake.

(6x² − 2x + 2) / ((x − 1)²(x² + 1))

Swali zuri. Lina kila kinachowasumbua wanafunzi mahali pamoja: kule chini kuna (x − 1) iliyojirudia mara mbili, na kuna x² + 1, ambayo haivunjiki kwa namba halisi hata ukiisukuma vipi. Aliyelitunga, nilijua, alikuwa mwenyekiti wa jopo letu, mwalimu mnene wa shule moja ya binafsi upande wa Usagara, shule inayobandika picha za wanafunzi wake waliofaulu kwenye mabango ya barabarani. Yeye ndiye pia aliyeandika mwongozo wa usahihishaji.

Nilifungua mwongozo. Ulisema sehemu hiyo ni sawa na A/(x − 1)² + (Bx + C)/(x² + 1). Nikadhani nimeruka mstari. Nikasoma tena. Haukuwapo mstari mwingine. Ile sehemu yenye (x − 1) peke yake kule chini haikuwapo kabisa. Mwongozo ukaendelea kwa kujiamini: A ni 3, B ni 0, C ni −1, na jibu la mwisho ni −3/(x − 1) − tan⁻¹x + c.

Nikalifanya mwenyewe nyuma ya bahasha. Kitu kinachojirudia mara mbili lazima kipewe sehemu mbili, moja chini yake (x − 1), nyingine chini yake (x − 1)². Juu ya x² + 1 panakaa mstari mzima, Cx + D. Nikapata 2/(x − 1) + 3/(x − 1)² + (−2x + 1)/(x² + 1). Jibu: 2 ln|x − 1| − 3/(x − 1) − ln(x² + 1) + tan⁻¹x + c. Logi mbili nzima zilikuwa zimepotea kwenye mwongozo, na tan⁻¹ ilikuwa imewekewa alama ya kutoa badala ya kujumlisha.

Mwenyekiti alikuwa mezani kwake mbele, anakula sangara wa kukaanga kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Nilimwendea na bahasha yangu.

"Mwenyekiti, mwongozo wa swali langu una kasoro. Sehemu moja imesahaulika."

Alijipangusa vidole kwenye karatasi iliyokuwa karibu. Ilikuwa ya mwanafunzi. Niliona mafuta yakisambaa juu ya hesabu za mtoto, taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye mchanga.

"Hakuna kilichosahaulika, madam. Kinachojirudia unachukua kile kikubwa tu. Kile kidogo kimo ndani yake."

"Hakimo."

"Haya, tupime." Alitabasamu, akachukua kalamu. "Weka x sawa na sifuri. Swali linatoa ngapi? Mbili. Mwongozo unatoa ngapi? Tatu toa moja. Mbili. Umeona?"

Ilikuwa kweli. Walimu wawili watatu waliokuwa karibu walicheka kidogo. Lakini ile C aliipata kwa kulinganisha namba pweke, zile zisizo na x, za pande zote, na ukiweka sifuri ndizo namba pweke hizo hizo zinazobaki. Alikuwa anamwita shahidi ambaye yeye mwenyewe alimfundisha la kusema.

"Weka mbili," nikamwambia.

Hakuweka. Nikaweka mimi, kwa sauti, ili meza nzima isikie. Swali linatoa 22/5. Mwongozo unatoa 3 toa 1/5, yaani 14/5. Kicheko kikakoma. Mwenyekiti akaitazama bahasha, akachomoa mfupa mdogo wa samaki katikati ya meno, akauangalia, akauweka ukingoni mwa meza.

"Rudi kwenye kiti, madam. Nitalifikiria."

Nilirudi, nikaanza kupitia karatasi bila kutoa alama. Wanafunzi wa shule nyingi walikuwa wamehangaika kama kawaida. Wengine waliweka sehemu zote na kukosea kutoa, wengine walisahau kuweka Cx na kuandika D peke yake. Makosa ya watoto, unayaelewa. Kisha nikafungua bahasha ya kituo kimoja. Karatasi ya kwanza ilikuwa na A/(x − 1)² na hakuna nyingine. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne, rundo zima, mwandiko tofauti lakini kosa moja, limepangwa mstari kwa mstari. Niliangalia namba ya kituo kwenye orodha. Ilikuwa shule ya mwenyekiti.

Hapo nikaelewa kwamba mwongozo haukukosewa kwa haraka. Ndivyo anavyofundisha. Na mwongozo ukirekebishwa, darasa lake zima linaanguka kwenye swali alilolitunga yeye. Nilikuwa na kikombe cha chai mbele yangu, wadudu wanaelea juu yake, nikakisogeza mbali.

Nilipomweleza mwenyekiti hilo, pembeni, kwa heshima, alipiga makofi kuita watu.

"Walimu, tuna jambo dogo. Madam hapa anapendelea njia nyingine ya swali lake. Mimi sina ugomvi. Napendekeza tukubali majibu yote mawili, kila mtoto apate alama zake, tuendelee na kazi. Anayekubali anyooshe mkono."

Nilidhani watu watacheka. Unapigaje kura kama 22/5 ni sawa na 14/5? Mikono ikaanza kupanda. Mmoja, mwingine. Niligeuka kumtafuta mzee mmoja aliyekaa dirishani, mwenye shati la mikono mifupi na miwani iliyofungwa uzi. Huyo alinifundisha mimi kidato cha tano. Mada hii hii niliipata kwake, ubaoni, chaki ikimwagika kwenye viatu vyake, na aliwahi kunifutia ukurasa mzima kwa sababu niliacha sehemu moja. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitikia "Marahaba mwanangu," na kunionyesha kwa wenzake kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake mzuri.

Alikuwa akitazama nje, ziwani. Kisha akanyoosha mkono. Haukupanda juu sana, uliishia usawa wa sikio, lakini ulipanda.

Mimi sikunyoosha. Hakuna aliyeuliza nani anapinga.

Mchana nilimkuta mzee yule kwenye bomba akinawa.

"Mwalimu, wewe unajua lipi ni sahihi."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nini, mwanangu? Huyu ndiye anayeita watu kwenye majopo. Mimi nimebakiza kidogo nistaafu. Nimegombana vya kutosha." Alikung'uta mikono. "Na wewe utazoea."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichefua kuliko samaki, kuliko mafuta, kuliko wadudu. Nilitamani angenifokea.

Nilimaliza kazi yangu. Alama nilitoa kama kura ilivyosema, kwa sababu ningekataa wangempa mtu mwingine rundo lile. Ila kwenye kila karatasi iliyokuwa na jibu la mwongozo niliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: Weka x = 2 pande zote mbili. Karatasi za majaribio hurudishwa shuleni, hazifungiwi.

Likizo fupi ilipofika, msichana mmoja wa shule ya mwenyekiti alikuja shuleni kwetu akiwa na mwanafunzi wangu, jirani yake wa huko mlimani kwenye mawe. Alikuwa mrefu, mkimya, kanga imefungwa kiunoni. Mwanafunzi wangu alikuwa ameutambua mwandiko wangu kwenye karatasi ya mwenzake.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Keti."

"Niliweka mbili. Pande hazikulingana. Nikampelekea mwalimu, akasema nimepewa alama zote, ninataka nini tena. Nilipouliza mara ya pili alinitoa nje."

Nilimpa chaki. Nikamwambia aache jibu, aanze na kitu kidogo: juu ya (x − 1)² panaweza kukaa nini? Akasema namba. Nikamwuliza, na kama ni 2x + 1? Akaandika 2x + 1 = 2(x − 1) + 3, akagawanya kila kipande kwa (x − 1)². Kikatoka 2/(x − 1) na 3/(x − 1)². Alisimama akavitazama.

"Kwa hiyo kile kidogo hakimo ndani ya kikubwa," akasema.

"Hakimo."

Akaanza upya peke yake. Akazidisha, akaweka x sawa na 1 kupata 3, akalinganisha namba za x³, za x², na namba pweke, akapata zilizobaki. Aliintegreti. Kisha, bila mimi kumwambia, alidifarenshieti jibu lake, yaani alirudi nalo kinyumenyume, akaunganisha sehemu zote juu ya asili moja, na ubaoni ikarudi 6x² − 2x + 2, yote, bila kupungua. Nilisubiri atabasamu. Alifuta mikono kwenye kanga, uso umekunjamana kama mtu aliyeuma kitu kichungu.

"Miaka miwili, madam. Darasa zima. Yeye alikuwa anajua?"

"Sijui."

"Ni bora angekuwa hajui," akasema.

Alichukua karatasi zake, akaniambia atawafundisha wenzake bwenini kabla ya mtihani wa taifa. Baadaye jirani yake aliniambia kwamba aliwafundisha kweli, siku za Jumapili baada ya ibada, na kwamba mwalimu wao alijua akajifanya hajui. Matokeo ya majaribio yalipotangazwa, shule ile ilikuwa ya kwanza katika Hisabati ya juu, na bango jipya likapandishwa kwenye njia panda.

Mwaka uliofuata sikuitwa kwenye jopo. Mwenyekiti alikuwa yule yule. Mtihani ulipoletwa shuleni kwetu nililitafuta swali la integresheni kabla ya kitu kingine. Safari hii chini kulikuwa na (x − 1)(x + 2), hakuna kilichojirudia, hakuna mraba usiovunjika, swali ambalo hata mtoto aliyelala darasani angelifanya. Nililisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi. Nikatoka nje, nikatema mate, nikaingia darasani kuwafundisha wanangu kile kilichoondolewa.