Mstari wa Kazi za Awali

Festus Mukhisa alizoea kutembea kifua mbele, lakini Ijumaa ile ya Agosti 2007 kifua kilikuwa kimeshuka. Ghala alilokuwa akisimamia mjini Kitale lilifungwa Januari, na miezi saba ya kukaa nyumbani humfanya mwanamume aone hata kuku wake wanamsengenya. Sasa kampuni moja ya nafaka huko Bungoma ilitaka msimamizi wa ghala. Masharti: uzoefu wa maghala usiopungua miaka ishirini, wasifu usiozidi kurasa mbili, na maombi yaletwe kwa mkono kabla ya saa kumi jioni.

Wasifu wake ulikuwa na kurasa sita. Alikuwa ameuanzia mwaka 1982, kama mtu anayetaja ukoo wake mbele ya wazee. Gathoni, mwenye duka la kupiga chapa pale Kitale, aliusoma akicheka, kisha akamwambia kwamba mwajiri hana haja ya kuanza na babu. Anataka kujua ulifanya nini juzi. Akaugeuza juu chini. Akaandika kichwa, Uzoefu Teule, na chini yake kazi mbili za mwisho: msimamizi wa ghala tangu 2000, na kabla ya hapo mtunza ghala tangu 1993. Kila kazi akaipa mambo matatu yaliyofanyika kweli, kama vile kupunguza mahindi yaliyoliwa na wadudu. Zile za zamani akazikusanya katika mstari mmoja, bila maelezo:

Kazi za Awali: karani wa mizani, Saboti (1988–1993), mshona magunia, Moi's Bridge (1982–1988).

Festus alipoona mstari ule, jasho likamtoka.

"Toa huo," akasema.

Gathoni akamwonya. Juu kabisa ya ukurasa waliandika kwamba ana uzoefu wa miaka ishirini na mitano, na msomaji anajua kuhesabu. Festus akakataa katakata. Basi Gathoni akautoa, akachapisha, lakini kwenye disketi akamwekea nakala zote mbili. Mwanamke yule alikuwa amewaona wanaume wenye kiburi wengi.

Na kiburi cha Festus kilikuwa na sababu. Mwaka 1985, alipokwenda kumposa Pauline, wazee wa upande wa msichana walimuuliza anafanya kazi gani. Akawajibu: karani. Wakati huo mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sindano na uzi wa katani. Ukarani ulikuja miaka mitatu baadaye, na tangu hapo akauachia uongo ule uzeeke pamoja naye. Kibaya zaidi, aliyepokea maombi pale Bungoma alikuwa Wanyonyi, kaka yake Pauline.

Alifika saa tisa na dakika kumi. Wanyonyi akamsalimia kwa heshima, akaketi, akaanza kuhesabu miaka kwa kalamu. Akahesabu tena.

"Shemeji, huku juu umesema ishirini na tano. Lakini hapa chini mimi naona kumi na nne. Nikiiweka hivi, itatolewa kwa orodha."

Festus akafikiri haraka: aongeze ukarani wa Saboti peke yake? Kutoka 1988 ilikuwa miaka kumi na tisa. Ulipungua mwaka mmoja tu! Kubadilisha tarehe hakungefaa, maana waajiri wa zamani wangeulizwa, nao wangesema kweli. Angeweza kurudi Kitale na heshima yake kamili, bila kazi. Akilini akamwona Pauline, mkewe, akirudi tena kuuza mboga alizopanda kuwa za kula nyumbani, akaona aibu nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza.

Akaomba karatasi zake. Akavuka barabara karibu akimbie, akaingia kwenye duka la kompyuta, akatoa disketi. Mashine ya kuchapisha ilijivuta sana hata akatamani kuipiga kofi. Alirudi saa kumi kasoro dakika tano, akaweka ukurasa mbele ya shemeji yake, akashindwa kumtazama usoni.

Wanyonyi akasoma taratibu. Kalamu ikafika kwenye mstari wa mwisho, ikasimama. Kisha akapiga muhuri wa kupokea, akaingiza karatasi ndani ya faili.

"Sasa imetimia," akasema.

Festus akaanza kujieleza, maneno yakagongana mdomoni. Akasema kuhusu siku ile ya wazee, kuhusu ukarani. Wanyonyi akamzuia kwa mkono.

"Shemeji, wacha. Baba alituma mtu Moi's Bridge kabla hatujapokea hata ng'ombe moja. Akarudi akasema ati huyo kijana si karani, lakini gunia yake haimwagi hata punje. Ndio mzee akasema tukupatie Pauline."