Tabaka la Nne la Kadi ya Muhirwa

Uwamahoro alipoajiriwa katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha Hajati Jaliah mjini Mbarara, alijua kompyuta kuliko alivyojua karatasi. Alikuwa amesomea uchoraji wa kompyuta katika mafunzo ya vijana kambini Nakivale, akapata cheti, akaamini kwamba ukishachora kitu kikapendeza kwenye kioo, kazi imekwisha. Hajati hakumkatisha tamaa. Alimkalisha mbele ya mashine, akamwachia dirisha lenye mwanga mzuri, akamwambia kwamba mengine karatasi itamfundisha.

Mwaka wa pili wa kazi hiyo, 2013, kaka yake Muhirwa alitangaza harusi. Alikuwa anamwoa Benitha, binti wa jirani zao kambini, na kamati ya harusi ikakubaliana bila ubishi kwamba kadi itengenezwe na Uwamahoro. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Gasore, mwalimu wa kwaya kanisani, alitaka kadi inayong'aa: majina ya maarusi kwa dhahabu, na maua ya pembeni yapakwe vanishi yametamete kama yamenyeshewa mvua. Watu wa milimani Kivu, alisema, wamekaa kambini miaka mingi. Angalau siku ya furaha wasionekane kama wakimbizi.

Uwamahoro aliyakubali yote, ila aliongeza jambo moja la kwake. Mama yao, Nyirabahire, alikuwa amepoteza macho. Yalianza kufifia mara tu baada ya kuandikishwa Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, na walipopewa kiwanja chao alikuwa anatambua mchana na kivuli tu; baadaye hata hivyo vikaondoka. Kadi ya dhahabu ingepita mikononi mwake kama karatasi nyingine yoyote. Kule nyumbani Kivu ya Kusini, kabla ya vita, mama huyo alisuka vifuniko vya vyombo vya maziwa, vile virefu vyenye ncha, na mistari yake ya kupinda-pinda ilijulikana hata ng'ambo ya mto. Uwamahoro aliazimia kuichora mistari hiyo kwa kumbukumbu na kuiinua kwenye karatasi, bila rangi wala dhahabu, ili mama aisome kwa vidole.

Hajati Jaliah alisikiliza, kisha akavuta kiti.

"Basi hapa hautachora picha moja," alimwambia. "Utachora picha nne, na kila moja ikae peke yake."

Akamweleza polepole, kwa Kiswahili chake cha sokoni chenye Kiganda ndani. Tabaka la kwanza ni la rangi, linalochapwa kawaida. La pili ni la dhahabu: kila kitakachopata foili, ule utando mwembamba unaong'aa, kinachorwa kwa weusi mtupu, bila kivuli wala rangi ya kufifia, kwa sababu foili haijui nusunusu, inashika au haishiki. La tatu ni la vanishi, nalo ni weusi mtupu. La nne ni la kuinua. Herufi zote zigeuzwe ziwe michoro, ili zisibadilike sura kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Na kila tabaka liwe na ukubwa uleule na alama zilezile za kulenga pembeni, ili karatasi ikipita mara nne katika mikono minne, vitu vyote viangukie mahali pake.

Uwamahoro alichora kwa siku kadhaa, akafurahia sana kazi yake. Kwenye kioo aliweza kufungua na kufunga kila tabaka kama anayefungua madirisha ya nyumba. Filamu za kuchapia, moja kwa kila tabaka, zikaenda Kampala, ambako walimtengenezea Hajati bloku, yaani mihuri ya chuma, za dhahabu na za kuinua, na kulekule karatasi zikachapwa rangi na kupakwa vanishi. Hajati alisisitiza zirudi kwanza chache tu za majaribio. Uwamahoro aliona ni kupoteza wakati.

Karatasi za majaribio zilipofika, Hajati aliwasha mashine yake ya mkono, akasubiri bloku ipate moto, akalaza ukanda wa dhahabu, akabana. Majina yakatokea, Muhirwa na Benitha, yakiwaka. Uwamahoro aliipokea kadi kwa mikono miwili. Alipopitisha kidole juu ya jina la Benitha, nusu ya herufi ya kwanza ikabaki kwenye kidole chake.

Hajati alichukua kadi nyingine, akaigeuza dirishani ili mwanga uikate kwa ubavu. Jani la mojawapo ya maua lilipita chini ya majina, na jani hilo lilikuwa limepakwa vanishi. Dhahabu haishiki juu ya vanishi. Kwenye kioo Uwamahoro aliona ua nyuma na jina mbele, mambo yametulia. Hakukumbuka kwamba tabaka la vanishi halina mbele wala nyuma. Linapaka kila palipo na weusi.

Jioni hiyo alirudi Nakivale na ile kadi mbovu, kwa sababu mistari ya kuinuliwa ilikuwa imeshabanwa pia, na alitaka angalau hiyo imtulize. Hakumwambia mama chochote. Alimwekea tu kadi mapajani. Nyirabahire aliipapasa, akaigeuza, akaipapasa tena.

"Hii karatasi ililowana mvua?" aliuliza. "Iko na mikunjo-mikunjo."

Uwamahoro alijibu kwamba ndiyo, ililowana kidogo, akaichukua, akatoka nje kwenda kuangalia maharage yaliyokuwa jikoni, ingawa maharage hayakuhitaji kuangaliwa.

Habari zilimfikia Mzee Gasore kesho yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja Mbarara mwenyewe, akasalimia vizuri, akakaa, akasema kwamba siku zinakwenda na kadi lazima zifike kwa jamaa wa Ngarama na kwa walio mbali zaidi. Yeye alishauri dhahabu irekebishwe, na ile mistari isiyo na rangi iondolewe kabisa. Haionekani, alisema, wageni watadhani ni kasoro. Uwamahoro aliona aibu kumweleza mzee wa kanisa kwamba yote hayo ni kwa ajili ya mtu mmoja. Akainamisha kichwa, tayari kukubali.

Hajati Jaliah ndiye aliyesema. "Mzee, hiyo mistari haimchelewishi mtu. Iko kwa tabaka yake na bloku yake. Kampala watafanya vanishi. Sisi hapa tutafanya yetu, na kuinua kunakuja mwisho wa yote. Mwache mtoto amalizie mama yake."

 Gasore hakuwa ameambiwa ni ya nani. Alimtazama Uwamahoro, akauliza kama mama anajua. Alipojibiwa kwamba hajui, alisimama, akavaa kofia yake, akasema kamati itangoja.

Siku zilizofuata Uwamahoro alijifunza zaidi ya alivyojifunza katika mwaka mzima. Kwenye tabaka la vanishi alikata umbo la kila herufi ya majina, na Hajati akamwonyesha kwamba haitoshi kukata sawasawa ukingoni: karatasi husogea mashinani, kwa hiyo aache upenyo mwembamba kuzunguka herufi, vanishi na dhahabu visikutane hata karatasi ikiteleza kidogo. Kwa kosa hilo filamu moja tu ndiyo iliyobadilika. Ya rangi na ya dhahabu zilikaa vilevile, na bloku ya dhahabu haikuguswa.

Kisha wakaligeukia la nne. Mistari yake ilikuwa mizuri kwa jicho lakini myembamba mno na imesongamana. Karatasi haikuwa na nafasi ya kuinuka na kushuka katikati. Hajati alimpa karatasi ya kunakilia na kalamu nene, akamwambia achore kwanza kwa mkono, macho yamefumbwa. Uwamahoro alifumba macho. Alikumbuka mikono ya mama ikisuka, si mistari yenyewe, na mkono wake ukaenda kwa upana zaidi. Alipofumbua, mistari ilikuwa michache, minene, yenye mabonde kati yake. Hiyo ndiyo aliyoipeleka kwenye kompyuta. Akaisogeza pia mbali na mkunjo wa kadi, na upande wa ndani, nyuma ya mistari, akaacha pasiwe na maandishi, kwa kuwa kinachoinuka mbele huacha shimo nyuma. Wakachagua na karatasi nzito zaidi, na Kampala wakatengeneza bloku mpya ya kuinua.

Safari hii dhahabu ilishika. Uwamahoro aliisugua kwa kidole gumba, kisha kwa ukucha, ikabaki. Mwisho wa yote waliweka bloku ya kuinua, chuma chenye mistari iliyochimbwa upande mmoja na mwenzake wa mistari iliyotokeza upande wa pili, karatasi katikati. Hajati alivuta mkono wa mashine, kisha akamwachia Uwamahoro avute zilizobaki.

Jumapili baada ya ibada alimkalisha mama barazani, akampa kadi. Marthe, jirani yao waliyekimbia naye, alikuwepo. Nyirabahire alianza na kingo, kama desturi yake kwa kila kitu kipya, halafu vidole vikapanda katikati, vikasimama. Vikarudi nyuma. Vikafuata mstari mmoja mpaka unapopinda, vikashika mwingine.

"Nani alisuka hii?" alisema.

"Ni mimi, mama. Ni karatasi."

"Ninajua ni karatasi." Akaendelea kupapasa. Midomo ilikuwa inatembea, anahesabu. Kisha akacheka, kicheko ambacho Uwamahoro hakuwa amekisikia tangu milimani. "Hapa juu umekosea. Huu mstari unapaswa kupanda, siyo kushuka. Nilikufundisha hii siku mingi, ukawa unakimbilia kucheza. Lakini ni ya kwangu. Marthe, kuya ushike, ni ya kwangu."

Marthe alishika, akasema kweli, na akakiri kwamba yeye mwenyewe asingeona kosa hilo. Uwamahoro aliomba radhi huku analia, akasema bloku imeshatengenezwa na kadi zote zitatoka na lile kosa. Mama akamwambia zitoke. Watu wa nyumbani watakaoishika, alisema, watajua kwamba aliyesuka ni binti aliyekatizwa na vita kabla ya kumaliza kufundishwa, na kwamba hata hivyo alikumbuka. 

Harusi ilifanyika Nakivale, na Mzee Gasore alisimama mbele ya wageni akawaambia wafumbe macho na kupitisha vidole juu ya kadi walizopewa kabla ya kwaya kuanza. Wazee kadhaa walitikisa kichwa kwa kuutambua usukaji. Hajati Jaliah alikuja na mabinti zake wawili, akakalishwa mstari wa mbele pamoja na familia.

Baada ya chakula Nyirabahire aliomba apelekwe kwa Hajati. Uwamahoro alimshika mkono, akawakutanisha. Mama hakuwa na Kiganda, na Kiswahili cha Hajati hakikuwa kile cha Kivu, lakini walielewana. Nyirabahire aliomba mikono ya mwenzake, akaishika, akapapasa viganja ambavyo chuma cha moto kilikuwa kimevikomaza.

"Mikono ya kazi," alisema. "Mungu akubariki, mama. Mwanangu alikuwa na macho tu. Wewe ulimupa fasi ya kuyatumia."

Hajati alijibu kwamba alichompa ni kiti karibu na dirisha, mengine alikuja nayo. Wakakaa hivyo, mikono yao imeshikana, wakati kwaya inaanza wimbo mwingine, na Uwamahoro akaenda kuwatafutia chai.