Maji Magumu Yanayoyumba

Bwawa langu la sato hapa Makere lilikuwa na tope, nikamwaga jasi ili lituame. Kisha nikachovya karatasi ya kupimia maji, yenye visanduku vinavyobadilika rangi. Kisanduku cha ugumu kilionyesha kiwango cha juu, nikajisifu. Maji magumu hayawezi kuyumba, ndivyo nilivyoamini. Si yanaitwa magumu?

Lakini pH ilikuwa sita na nusu asubuhi, na alasiri ilipita tisa. Samaki wakapunguza kula. Nikailaumu karatasi na aliyeniuzia.

Afisa uvuvi, mama asiye na haraka, alikuja kutoka Kasulu akachovya karatasi yake.

"Ugumu ni madini ya kalisi na magnesi, mzee wangu, na kalisi umeiongeza mwenyewe kwa jasi. Kinachoshika pH isiyumbe ni ualkali. Tazama kisanduku cha pili."

Kilionyesha kiwango cha chini kabisa. Mchana mwani hunyonya hewa ukaa majini, pH ikapanda. Usiku viumbe vyote bwawani huirudisha hewa hiyo, pH ikashuka. Maji yangu hayakuwa na ualkali wa kuizuia isiyumbe.

Nikaweka chokaa ya kilimo, ambayo huongeza ualkali. Wiki chache baadaye vipimo vya asubuhi na alasiri vikakaribiana.

Kisanduku cha pili kilikuwepo tangu mwanzo. Mimi nilisoma kile tu ambacho jina lake nilidhani nalijua.