Barua Iliyopiga Magoti

Wallahi, mimi na ujuzi wangu wote wa barua, niliponzwa na adabu. Nilikuwa karani wa masjala katika kampuni moja ya rangi kule Industrial Area, na mafaili yote yalipita mikononi mwangu. Ya zamani yalikaa rafu za chini kabisa, nami nilikuwa nikiyapigia magoti miaka nenda miaka rudi, hadi goti la kulia likasema basi. Miaka ile ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni. Madaktari wakaling'oa, wakaniwekea la chuma na plastiki. Mtaa wetu mzima wa Majengo ulikuja kuliangalia, kana kwamba nimenunua redio.

Ruhusa ya ugonjwa ilipokaribia kwisha, daktari aliniambia nirudi kazini polepole. Kwa hiyo nikaketi kuandika. Nikaeleza vizuri: mwezi wa kwanza nusu siku, mezani tu, na kila baada ya muda ninyanyuke nitembee kidogo, kwani goti likikaa sana hukakamaa. Mwezi wa pili siku nzima, lakini nisipande ngazi ya rafu wala kubeba maboksi. Mwezi wa tatu daktari anipime tena, ndipo tujue nirudishiwe kazi gani. Kupiga magoti, kwa sasa, marufuku. Cheti chake nikakibana nyuma.

Mke wangu aliisoma, akanirudishia. "Kavu hii. Mwomba chumvi huombea chungu chake. Weka unyenyekevu."

Nikaweka. Mwishoni nikaandika: "Bwana Meneja, nakupigia magoti unikubalie ombi hili." Tukaisifu, tukalala.

Jumatatu nilienda na magongo yangu mawili. Ofisi ya meneja ilikuwa ghorofani, kwa hiyo nikapanda kama nilivyofundishwa, mguu mzima ukitangulia. Kufika juu nimelowa jasho. Meneja alikuwa kijana kwangu, mtu wa kanisa, tai imekaza shingo. Barua niliyoitanguliza kwa tarishi alikuwa nayo, na alikuwa anacheka.

"Mzee, umenichanganya. Daktari anasema usipige magoti. Wewe unasema unanipigia. Nimwamini nani?"

Nikacheka kidogo. Yeye akaacha kucheka.

"Hapa nina watu wa aina mbili," akasema. "Mzima, yuko kazini. Mgonjwa, yuko nyumbani. Nusu mtu nitamweka wapi? Na kama masjala imekushinda, kuna kustaafu kwa sababu za afya. Fomu ninazo."

Ala! Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na kazi nyingine siijui. Fomu ile ingenipeleka barazani kwa wazee wanaocheza bao tangu asubuhi, wakibishana nani kaiba kete. Nikamwambia mezani kuna kazi tele: rejesta, barua zinazoingia, kuandika majalada. Mwenzangu ainame, mimi niandike.

"Watasema napendelea," akajibu. Kisha akanitazama kwa jicho la mtu aliyekamata mwizi. "Na msikitini je? Huko hupigi magoti?"

Hapo utani wote uliniishia. Nilikuwa na majibu kumi ya kumtukana, yote mazuri, nikayaacha.

"Naswali kwenye kiti," nikamwambia. "Tangu utotoni sijui kuswali ila paji la uso likiwa chini. Sasa nakaa nyuma, safu ya mwisho, na vikongwe, nainamisha kichwa tu. Siku ya kwanza nililia mbele ya watu. Lakini dini yangu ina ruhusa kwa mgonjwa, na Mola hakuniomba hata cheti."

Meneja akaivuta barua karibu. Akakifungua cheti cha daktari, nami nikajua ndiyo mara ya kwanza kukisoma. Akakisoma chote. Akauliza hayo maboksi yana uzito gani, akauliza kama mwenzangu wa masjala anajua mpangilio wa rafu. Nikamjibu yote.

Mwishowe akachukua kalamu nyekundu. Alipiga mstari mmoja tu, juu ya yale maneno "nakupigia magoti", na pembeni akatia sahihi yake ndogo. Kisha akaandika chini: "Imekubaliwa kama ilivyoombwa. Nakala masjala."

"Yote nimekubali," akasema, akinisukumia karatasi. "Hiyo moja nimeikata. Siwezi kukuwekea sahihi ahadi ambayo goti lako haliwezi kuitimiza."

Nikaikunja barua, mimi bingwa wa maneno. Nikasema asante, bwana, nikachukua magongo yangu.