Palindromu na Biro Nyekundu

Mpaka leo nikikumbuka ile X nyekundu, damu inanichemka. Na mimi ni mtu wa kuchemka haraka, sikatai. Marehemu mama alikuwa akiniambia hasira hasara, nami nikimjibu kwamba hata unyamavu una hasara zake.

Nilikuwa nafundisha Python, lugha ya kuandikia programu, katika chuo kidogo cha kompyuta hapa Nakuru mjini, orofa ya pili, juu ya duka la mbegu. Darasani kwangu kulikuwa na mwanamke mmoja kutoka Karagita, kazi yake kuchambua na kupanga waridi kwenye shamba la maua. Alikuwa anakuja siku zake za ofu, asipokuwa kazini, vidole vimejaa mikwaruzo ya miiba, anakaa nyuma, haulizi kitu. Laptopu hakuwa nayo. Mazoezi yote alikuwa anayafanya kwa simu, wakati wa chakula cha mchana, huko shambani.

Mwisho wa muhula kampuni moja hapa mjini ikatangaza nafasi moja ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kwa mwanafunzi wetu. Yeye peke yake ndiye aliyeomba, maana wengine walikuwa wanaitaka Nairobi. Sharti lilikuwa moja tu: awe amepita karatasi ya Python. Fomu yenye sahihi ya chuo ilitakiwa ifike Ijumaa, kabla ya saa kumi jioni.

Ijumaa hiyo saa sita matokeo yakabandikwa ukutani. Ameanguka. Kwa alama tatu.

Akaja mlangoni kwangu, hakulia, akasema tu ameona na ameshukuru kwa kufundishwa. Ameshukuru! Hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye kiti. Nikamwambia asiende popote, akae pale kwenye benchi, nikaenda kutafuta karatasi yake.

Chuoni kulikuwa na desturi kwamba aliyefundisha hasahihishi, asije akapendelea watu wake. Karatasi zangu zilisahihishwa na mwalimu mwenzangu, kijana wa kuvaa tai shingoni, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Mtihani wenyewe ulikuwa wa kuandika msimbo kwa kalamu, kwenye karatasi, utadhani ni insha. Swali lililomwangusha lilitaka fanksheni ya kutambua palindromu, yaani maandishi yanayosomeka vilevile ukianzia mbele au nyuma. Lilisema wazi: nafasi tupu zipuuzwe, herufi kubwa na ndogo zihesabiwe sawa, na maandishi matupu yakubaliwe kuwa palindromu. Kila sharti alama mbili.

Yeye alikuwa ameandika hivi:

def palindromu(s):
    s = s.lower().replace(" ", "")
    return s == s[::-1]

Basi. Herufi zote zinakuwa ndogo, kila nafasi inaondolewa, halafu maandishi yanalinganishwa na yenyewe yakiwa yamegeuzwa. Kwenye herufi kubwa na ndogo alipewa mbili zake. Kwenye nafasi, X. Kwenye maandishi matupu, X, na pembeni maneno "hakushughulikia".

Nikamuuliza kijana wa tai hakushughulikia nini. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza nyanya yake jinsi ya kutumia simu, kwamba mwongozo wa kusahihisha unaanza na "if" ya kukagua kama maandishi ni matupu, na huyu hakuiandika. Na kwa nafasi, mwongozo unasema amri ni strip, yeye ameleta replace.

Nikamwambia geuza kitu kitupu, unapata nini? Si kitupu? Na kitupu si ni sawa na kitupu? Sasa hiyo "if" ni ya kazi gani! Akasema hakatai, lakini mwongozo ni mwongozo.

"Basi iendeshe kwenye kompyuta tuone."

"Madam, mtihani haturun," akasema. "Tunamark."

Wueh. Stima ilikuwepo. Kompyuta kumi na mbili zilikuwa chumba cha pili, zimefunikwa vitambaa kama maiti. Na mtu anakaa hapo na biro, anakisia kile ambacho mashine ingemwambia kabla hajapepesa jicho. Nilisema mambo mengi ambayo sitayarudia hapa, na nikayasema kwa sauti, maana mkuu wa idara alitoka ofisini na kikombe chake cha chai akauliza kuna nini.

Nikawapeleka wote wawili chumba cha kompyuta. Nikamwita na mwenye karatasi, aone kwa macho yake. Nikaichapa fanksheni yake vilevile ilivyo, herufi kwa herufi.

Maandishi matupu: True, yaani ni palindromu. Nafasi tatu tupu bila herufi yoyote: True. Nikaandika "Ana mana", yenye A kubwa na nafasi katikati: True. "Nakuru": False, kama inavyopaswa. Nikamgeukia mkuu wa idara nikiwa nimeshika kiuno. Akapiga funda la chai akasema tujaribu na ile ya mwongozo, kwa haki.

Kijana wa tai akaichapa mwenyewe. Ilikuwa na "if" yake pale juu, halafu s.strip().lower(), halafu ulinganisho uleule. Maandishi matupu: True. "ANA" yenye nafasi mbele na nyuma: True. "Ana mana": False.

Akajaribu tena. False. Strip inaondoa nafasi za mwanzoni na za mwishoni tu. Ya katikati haiigusi. Wote darasani waliokuwa wameandika strip walipewa alama zao mbili, na aliyepatia peke yake ndiye aliyepigwa X. Nikasema nataka kumjua mjinga aliyeandika mwongozo huo. Nikasema mtu kama huyo hafai hata kufundisha kuwasha kompyuta.

Kijana wa tai alienda kwenye kabati akarudi na faili, akaifungua, akaniwekea mbele. Zilikuwa noti zangu za muhula huo, mwongozo ulikuwa umetolewa humo. Mwandiko wangu mbaya, mstari wangu mwenyewe: "strip() huondoa nafasi." Nukta. Sikuandika za mwanzo na mwisho. Niliikumbuka hata siku yenyewe. Nilikuwa nakimbizana na kipindi, na mtu mmoja alipoinua mkono nilimwambia kama hukusikia hiyo ni shida yako.

Mkuu wa idara alirekebisha alama, akatia sahihi fomu, muhuri ukapigwa saa nane na nusu. Wale wengine, akasema, tutawaangalia Jumatatu. Ningekuwa mtu wa kutosheka ningeishia hapo. Lakini nilimuuliza yule mwanamke, fomu ikiwa tayari mkononi mwake, mbona hakuandika strip kama nilivyofundisha.

Aliangalia chini.

"Nilijaribu yako kwa simu, madam, ikakataa. Kwa hivyo nikatafuta ingine."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ule mkono ulioinuka siku ya strip ulikuwa wangu," akasema. "Sikutaka kuuinua tena."

Akashuka ngazi akikimbilia kwenye kampuni kabla ya saa kumi. Mimi nikabaki na ile faili mapajani. Kijana wa tai alikuwa anazifunika kompyuta vitambaa, moja moja, na sikuwa na mtu mwingine wa kumfokea.