Rangi ya Mama Yake

Jumatatu hiyo nilikuwa nimechoka kuulizwa bei ambayo niliiandika chini ya kila picha. Nauza vipodozi kupitia makundi ya simu. Katalogi iko hapo hapo. Ukichagua unalipa, kisha mwendesha bodaboda anachukua mzigo nyumbani kwangu, mtaa wa Woodley.

Mwanamke mmoja wa kundi la Kilimani alitaka faundesheni na lipstiki siku hiyo hiyo. Alinitumia picha ya mama mzee aliyevaa kitambaa cha kanisa, imepigwa ndani, taa ya manjano. Rangi haichaguliwi kwa picha kama hiyo, na kilichofunguliwa sikipokei tena.

"Mwambie asimame karibu na dirisha, ajipige nyingine," nilimwandikia.

Akajibu:

"Hawezi, dada. Ni mamangu, ametutoka. Kesho asubuhi tunamsafirisha nyumbani, magharibi. Mhudumu wa mochari amesema tulete vipodozi wenyewe."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Wateja wengine waliendelea kuniandikia. Sikuwa na nguvu za kutoka, lakini sikuona ningemwelezaje mtu wa boda mzigo huo. Nikatia mkobani chupa tatu za faundesheni na lipstiki mbili.

Tulikutana kwenye maduka ya Adams, nje ya duka la dawa. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa sare ya ofisi, macho yamevimba. Nilimpa pole. Nilimuuliza mama alikuwa mweusi kiasi gani.

"Kama mimi. Watu walikuwa wakituita mtu na dadake. Huu ugonjwa ndio ulimfifisha. Sitaki watu wa nyumbani wamwone hivyo."

Basi nikamtoa kwenye kivuli, nikampaka yeye: mistari mitatu kwenye taya, juani. Mmoja ulikuwa na wekundu, wa pili ukakaa kama majivu. Wa tatu ulipotea kabisa kwenye ngozi yake. Akajitazama kwenye kamera ya simu, akaanza kulia, nami nikabaki nimeshika kifuniko, sijui nimguse au nisimguse. Nilimshika bega.

"Lipstiki alipenda gani?"

"Ya kahawia. Nyekundu alisema ni ya wasichana."

Alilipa palepale. Nilimwambia wapake kidogo kidogo, kwa sifongo yenye unyevu, kwa sababu ngozi hiyo haifyonzi kama yetu. Nilirudi nyumbani kwa miguu, zile chupa mbili zilizofunguliwa zikigongana mkobani. Jioni hiyo sikujibu mtu.

Wiki iliyofuata aliniandikia. "Shangazi zangu walilalamika eti amepakwa sana. Lakini babangu alisimama kando ya jeneza, akasema, huyu ndiye."

Niliusoma ujumbe huo nikiwa nafunga maagizo ya siku. Nikamjibu asante, nikaomba Mungu awatie nguvu, kisha nikaweka simu chini na kulala kidogo, mchana kweupe, maboksi yakiwa bado wazi sakafuni.